Kabati la siku 412, akaunti ya siku 38

Kikao cha kamati ya ukaguzi kilianza saa nne asubuhi, na ilipofika saa tano kasorobo tulikuwa bado kwenye kabati.

Wakati huo nilikuwa mkaguzi wa ndani wa taasisi moja ya mikopo yenye matawi saba. Kila robo mwaka nilipeleka mbele ya kamati ya bodi jedwali la Ekseli lenye hoja za nyuma, yaani mambo ambayo ukaguzi ulishayaibua, menejimenti ikakubali kuyarekebisha, na siku ya kuyamaliza ikapita. Robo ile zilikuwa hoja kumi na moja. Nilizipanga mwenyewe, kwa namna ambayo humjia mtu yeyote kwanza: iliyochelewa sana juu, iliyochelewa kidogo chini. Juu kabisa likakaa kabati lisiloshika moto la kutunzia mafaili ya wakopaji, siku 412. Chini kabisa, kwenye mstari ambao karatasi ilipochapwa uliangukia ukurasa wa pili peke yake, ikakaa akaunti ya mfumo wa mikopo ya afisa aliyeacha kazi, ambayo ilikuwa haijafungwa. Siku 38.

Mwenyekiti, mzee mstaafu wa benki, alimgeukia meneja utawala. "Siku mia nne na kumi na mbili, bwana! Kabati tu?" Meneja akaanza kusimulia habari za zabuni: mzabuni wa kwanza alileta kabati lisiloingia mlangoni, wa pili akapandisha bei, mwaka wa fedha ukafungwa, bajeti ikarudi. Watu wakacheka, wakauliza vipimo vya mlango. Mstari wa kumi na moja ulisomwa chai ikiwa imeshaingia. "Hii ni ya juzi tu," mjumbe mmoja akasema, "tuwape muda." Tukawapa muda.

Kosa lile lilikuwa langu, kwa sababu jedwali lilikuwa langu. Idadi ya siku huonyesha menejimenti imechelewa kiasi gani, basi. Nani anaweza kuingia kwenye mfumo usiku wa leo na kuandika mkopo wa shilingi milioni tano kwa jina la mtu aliyekwishaondoka, hilo halimo ndani ya siku.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa upande huu wa meza, ni vizuri aone ahadi hizi zinavyozaliwa. Mkaguzi akikuta kasoro, huandika hoja: alichokiona, kilichotakiwa kuwapo, kilichosababisha pengo, na madhara yanayoweza kufuata. Kisha anapendekeza. Menejimenti hujibu, na hapo ndipo mambo hubadilika mkono, maana pendekezo ni la mkaguzi lakini hatua ya kulitekeleza ni ya menejimenti. Wao ndio wanaosema watafanya nini, nani atafanya, na lini itakuwa imekwisha. Tarehe ile hawakupangiwa na mtu. Ikipita, wamevunja ahadi waliyoiandika kwa kalamu yao, na kazi ya mkaguzi ni kurudi kuuliza.

Kurudi huko si hiari. Taasisi ya kimataifa ya wakaguzi wa ndani, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1941, imeyaweka hayo katika viwango vyake, na toleo jipya lililoanza kutumika tarehe 9 Januari 2025 linamtaka mkaguzi athibitishe kwamba hatua zilizokubaliwa zimetekelezwa, akitumia uzito wa kihatarishi kuamua aingie kwa kina gani. Kama utekelezaji umekwama, anatakiwa apate maelezo ya menejimenti na kuyaweka kwenye kumbukumbu. Halafu mkuu wa ukaguzi anapaswa kujiuliza swali ambalo wengi hulikwepa: je, kwa kuchelewa tu, bila kusema wala kutia sahihi popote, wakubwa wameamua kuishi na hatari ambayo taasisi ilikwishasema haiivumilii?

Swali hilo lina mfano wake, na mfano huo uko Atlanta, Georgia.

Equifax ni kampuni inayokusanya taarifa za mikopo ya watu: nani anadaiwa wapi, analipaje, nambari yake ya hifadhi ya jamii ni ipi. Mwaka 2015 ukaguzi wake wa ndani ulipitia jinsi kampuni inavyoziba mianya ya programu zake za kompyuta. Kila programu hugunduliwa mwanya mara kwa mara. Mtengenezaji hutoa kiraka, na mwenye programu anatakiwa akibandike mapema. Wakaguzi walikuta mianya zaidi ya 8,500 inayojulikana ambayo ilikuwa haijazibwa, zaidi ya 1,000 kati yake ikiwa kwenye mifumo inayofikika kutoka nje. Walikuta pia kampuni haina orodha kamili ya mifumo yake yenyewe, na kwamba kubandika viraka kuliachwa kwenye uaminifu wa kila idara. Menejimenti ikakubali kurekebisha. Ukaguzi mwingine wa kurudi kuangalia haukufanyika.

Tarehe 7 Machi 2017 mwanya mkubwa ulitangazwa katika programu iitwayo Apache Struts. Siku mbili baadaye kampuni ilituma barua pepe kwa watu zaidi ya 400, ikisema wenye programu hiyo waizibe ndani ya saa 48. Mtaalamu aliyekuwa anajua kwamba Struts inatumika kwenye tovuti ya malalamiko ya wateja hakuwamo kwenye orodha ya waliotumiwa. Katikati ya Mei wadukuzi wakaingia kupitia tovuti hiyo hiyo. Walikaa ndani mpaka mwisho wa Julai, kwa sababu kifaa cha kuchunguza mawasiliano yanayotoka kilikuwa hakioni kitu: cheti chake cha kidijitali kilikwisha muda miezi mingi nyuma na hakuna aliyekihuisha. Kilipohuishwa tarehe 29 Julai, mtiririko wa ajabu ukaonekana mara moja. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimekwenda. Mkurugenzi mtendaji aliondoka mwezi Septemba mwaka huo.

Kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti ya Marekani ilipotoa ripoti yake Machi 2019, ilirudi kwenye karatasi za ukaguzi wa 2015, na ikakuta kwamba baadhi ya yale yaliyoandikwa humo yalikuwa bado hayajafanyiwa kazi wadukuzi walipobisha hodi. Orodha ya mifumo ilikosekana, na ndiyo ingeonyesha Struts iko wapi. Uaminifu wa idara uliachwa, na ndio ulioangusha ile barua ya saa 48. Siwezi kusema kwamba ukaguzi wa marudio ungewazuia wadukuzi wale. Ninachoweza kusema ni kwamba kampuni iliambiwa na watu wake yenyewe mlango ulipo, miaka miwili kabla, kisha hakuna aliyerudi kuugusa kuona kama umefungwa.

Turudi kwenye jedwali langu.

Baada ya kikao kile nililifumua. Taasisi nyingi hupima kihatarishi kwa namba mbili: uwezekano wa jambo kutokea, kuanzia 1 hadi 5, na athari likitokea, vilevile 1 hadi 5. Unazizidisha. Kwetu, 15 na kuendelea ilihesabiwa kiwango cha juu, 8 hadi 14 cha kati, chini ya hapo kiwango cha chini. Kila hoja ilikuwa na alama yake tangu siku ilipoandikwa, na alama hizo zilikuwa zimekaa pale kama mhuri. Kumbe ndipo penye tatizo la pili, ambalo ni baya kuliko kupanga kwa siku. Alama ya zamani inapima hatari ya siku ya ukaguzi. Hatua iliyopitiliza muda inatakiwa ipimwe kwa hatari iliyobaki leo, na katikati hapo dunia imesogea.

Nikaanza na kabati. Hoja ilipoandikwa ilipewa uwezekano 3 na athari 5, jumla 15, kwa sababu hati halisi za nyumba na viwanja vilivyowekwa dhamana zilikaa kwenye rafu ya mbao, nyuma ya chumba chenye birika la umeme. Moto ungezichukua zote. Nikashuka masjala kuangalia. Rafu ilikuwepo, birika lilikuwepo, lakini hati hazikuwepo: miezi mitano nyuma, mhasibu mkuu alizihamishia kwenye chumba cha hazina cha benki tunayotumia, akapewa stakabadhi. Nikachagua hati ishirini kutoka kwenye daftari la dhamana, nikaenda nazo benki, nikaziona zote ishirini. Kilichobaki kwenye rafu ni mafaili ya mikopo iliyokwisha kulipwa. Uwezekano wa moto haujashuka sana, tuseme 2 baada ya birika kuhamishwa, lakini athari imekuwa 2. Jumla 4. Lile jambo lililotuchukulia karibu saa nzima na kicheko chote lilikuwa hatari ndogo kuliko nyingi jengoni humo, na hakuna aliyekuwa amesema kwa sababu hakuna aliyeulizwa chochote zaidi ya "kabati liko wapi?"

Kisha akaunti. Ilipoandikwa ilipewa 3 kwa 3, yaani 9, kiwango cha kati, na sababu zilikuwa nzuri. Afisa mikopo anaweza kuingiza maombi tu. Fedha hazitoki mpaka mtu wa pili, msimamizi wa tawi, aidhinishe. Hata mtu angetumia akaunti ya aliyeondoka, angegonga ukuta kwa msimamizi. Nilipokwenda kwenye tawi lile nilikuta msimamizi yuko likizo ya uzazi. Aliyekaimu nafasi yake, ili kazi isisimame, alipewa haki ya kuidhinisha huku akibaki na haki yake ya zamani ya kuingiza. Nikamwomba kijana wa TEHAMA anitolee kumbukumbu za akaunti ya yule aliyeacha kazi. Ilikuwa imetumika mara sita baada ya siku yake ya mwisho.

Moyo ulinienda mbio, sikatai. Niliyafuatilia maombi yote yaliyoingizwa katika siku hizo sita, nikawapata wakopaji, nikalinganisha fedha. Hapakuwa na wizi. Afisa mpya wa mikopo alikuwa amefika lakini hana akaunti, kwa hiyo wenzake walimpa ile ya mwenzao aliyeondoka. "Pasiwedi yake tulikuwa tunaijua wote," mmoja aliniambia, bila kuficha, kama anayenieleza ufunguo wa choo unapotundikwa. Nikaandika uwezekano 4, kwa kuwa akaunti ilikuwa inatumika kweli na si jambo la kukisia tena, na athari 5, kwa kuwa ule ukuta wa mtu wa pili haukuwepo. Ishirini. Mstari wa ukurasa wa pili ukapanda juu ya jedwali.

Msomaji mwangalifu ataona kwamba namba hizi zina ulegevu. Kwa nini 4 na si 3? Hakuna mizani ya kupimia. Ni hukumu ya mtu, na menejimenti ina haki ya kuibishia. Ndiyo maana pembeni ya kila alama mpya nililazimika kuandika sentensi moja ya sababu, kwa maneno ya kawaida: "Anayekaimu anaweza kuingiza na kuidhinisha mkopo peke yake." Mwenyekiti akisoma hivyo hahitaji hesabu. Kuzidisha nako kuna mtego wake. Jambo la kila siku lenye hasara ndogo, 5 kwa 1, hupata alama sawa na jambo la nadra linaloweza kuifunga taasisi, 1 kwa 5. Kwetu tulikubaliana kwamba chochote chenye athari ya 5 kisishuke chini ya kiwango cha kati, hata kama jumla yake inasema hivyo.

Alama hiyo ndiyo iliyoamua pia nitumie miguu yangu wapi. Mkaguzi mmoja na msaidizi wake hawawezi kujaribu upya kila kitu. Hoja za kiwango cha chini nilizifunga kwa maelezo ya meneja aliyetia sahihi. Za kati, nilidai nyaraka. Za juu, sikukubali karatasi peke yake. Nilifanya jaribio lile lile lililoibua hoja mara ya kwanza, au kali kuliko hilo.

Akaunti ile ilifungwa siku hiyo hiyo mchana. Ilimchukua kijana wa TEHAMA dakika tatu, na saa kumi jioni meneja wake aliniletea picha ya skrini, jina likiwa na alama nyekundu. "Mkaguzi, imekamilika. Tufutie hoja."

Hapa ndipo wakaguzi wengi huteleza, nami niliwahi kuteleza hapo. Picha ilikuwa ya kweli, akaunti ilikuwa imefungwa. Lakini hoja haikuwa akaunti ya yule bwana. Yeye alikuwa mfano tu. Hoja ilikuwa kwamba mtu akiondoka, hakuna anayeiambia TEHAMA. Nikamwomba ofisa utumishi orodha ya wote walioondolewa kwenye malipo ya mishahara katika miezi kumi na miwili. Walikuwa kumi na wanne. Nikamwomba TEHAMA orodha ya akaunti zote zilizo hai. Nikaziweka orodha mbili kando kwa kando, nikapiga mstari kwa kalamu. Mbali na yule wa kwanza, walioondoka na bado wako hai kwenye mfumo walikuwa watatu, mmoja wao mhasibu.

Jaribio la namna hiyo halimuulizi mtu kama amefanya kazi yake. Linachukua kumbukumbu mbili zinazotunzwa na watu wawili tofauti, ambao hawana sababu ya kupatana, na kuona kama zinasema jambo moja. Ukimuuliza TEHAMA kama amefunga akaunti za walioondoka, atasema ndiyo kwa nia safi kabisa, kwa sababu amefunga za wote aliowasikia. Tatizo ni wale ambao hakuwasikia.

Menejimenti ikaweka hatua mpya: fomu ya kuondoka isipite kwa mhasibu wa mishahara bila sahihi ya TEHAMA. Ilikuwa hatua nzuri, na ilikuwa na tarehe. Tarehe ikafika, meneja akaomba isogezwe miezi miwili.

Sasa kuhusu kusogeza tarehe. Kuna taasisi ambazo jedwali lao halina hata hoja moja iliyopitiliza, na ukichungulia unakuta kila tarehe inapokaribia hufutwa, ikaandikwa nyingine. Kwenye karatasi hakuna anayechelewa. Dawa tuliyotumia ilikuwa safu mbili za ziada: tarehe ya awali, ambayo haifutwi kamwe, na idadi ya mara ilizosogezwa. Siku za kuchelewa zilihesabiwa kutoka tarehe ya awali. Hoja ya kiwango cha juu ilisogezwa na kamati tu, wala si na meneja kwa kuniandikia ujumbe, na anayeomba alitakiwa aseme katika muda huo wa nyongeza nini kitazuia hatari. Jibu la "tutakuwa makini" halikuhesabiwa. Meneja yule alijibu vizuri: kila Ijumaa utumishi wangetuma majina ya walioondoka, hata kama hakuna, na TEHAMA wangejibu. Nikaomba ujumbe wa Ijumaa nane. Saba zilikuwepo. Kwa kinga hiyo ya muda, nikashusha uwezekano kutoka 4 hadi 3. Msimamizi wa tawi naye alikuwa amerudi kazini na haki za kaimu zimeondolewa, kwa hiyo athari ikashuka hadi 3. Tukarudi kwenye 9, tulikoanzia, ila safari hii kwa ushahidi.

Wakati mwingine menejimenti husema wazi kwamba haitafanya: gharama ni kubwa kuliko hasara inayohofiwa. Hilo linakubalika, mradi lisemwe na mtu mwenye mamlaka ya kubeba uzito huo na lirekodiwe. Meneja wa tawi hawezi kuikubali hatari ambayo ikitokea itaingia kwenye hesabu za bodi. Kama mkuu wa ukaguzi anaona kilichokubaliwa kimezidi kiasi, analipeleka kwa wakubwa, na lisipotatuliwa huko, kwa bodi. Akishafika hapo amemaliza. Hana ufunguo wa kufunga akaunti yeye mwenyewe, na akijipa ufunguo huo, nani atamkagua?

Miezi sita baada ya kikao cha kabati nilirudia kulinganisha orodha mbili. Walioondoka walikuwa watano. Wanne akaunti zao zilifungwa siku ya mwisho ya kazi au kabla yake. Wa tano ilifungwa baada ya siku tisa: aliondoka katikati ya mwezi, fomu ikakaa mezani ikisubiri mishahara ya mwisho wa mwezi, kwa sababu sahihi ya TEHAMA ilikuwa imewekwa kwenye hatua ya malipo na si kwenye hatua ya kukabidhi ofisi.

"Nne kati ya tano," mwenyekiti alisema kikaoni, miwani ikiwa kwenye paji la uso. "Hiyo si unaweza kuifunga?"

Nikaomba ibaki wazi robo nyingine, na fomu isogezwe hatua moja nyuma. Akaandika. Halafu akageuza ukurasa, akanyoosha kidole kwenye mstari wa mwisho kabisa, alama 4, siku 594, akamtazama meneja utawala.

"Na lile kabati?"